Biti Uko Nayo Lakini Melodi Imegoma? Hivi Ndivyo Unaipanga Juu ya Kodi

Prodyuza amekutumia biti, studio ni Jumamosi, na deposti ushatoa. Mistari iko. Shida ni ukianza kuimba, kuna mahali sauti inaskika ni kama inagongana na kinanda, na huwezi sema ni wapi haswa. Mara mingi si ati huna sauti. Ni noti umeiweka kwa hesabu mbaya.

Wacha tutumie biti moja tumalizane nayo. Kodi ni nne zinazunguka: C, G, Am, F. (Kodi za muziki, si zile za landilodi.) Huu mpangilio unaujua hata kama hujui unaujua, juu ndio uko kwa "No Woman, No Cry" ya Bob Marley. Kila kodi inakaa hesabu nne, halafu inaachia ingine.

Kama ulipitia kwaya, do re mi unazijua. Kwa kii ya C, do ndio C, na zingine zinafuata hivyo hadi ti, ambayo ni B. Kila kodi hapa ni noti tatu zikipigwa pamoja. C iko na do, mi, so. G iko na so, ti, re. Am iko na la, do, mi. F iko na fa, la, do. Hizo tatu ndio noti za nyumbani. Kodi ikiwa inalia na wewe uko kwa moja yazo, unaskika umetulia. Zile zingine nne zilizobaki ni za njiani: unapita juu yake ukienda nyumbani, lakini hupangi chumba hapo.

Sasa hesabu. Ukihesabu moja, mbili, tatu, nne, sikio linaipea 1 na 3 uzito. Mbili na nne ni nyepesi kwa melodi, hata kama snea ndio inagonga hapo. Kwa hivyo sheria ni moja tu: kwa 1 na 3 weka noti ya nyumbani, na katikati yake weka noti ya njiani inayounganisha hizo mbili kwa hatua ndogo, bila kuruka.

Anza na zile nzito pekee. Kwa C chagua so kisha mi. Kwa G chagua re kisha ti ya chini. Kwa Am, do kisha mi. Kwa F, fa kisha la. Imba hizo nane kwanza, polepole, biti ikicheza. Inafaa iskike safi hata kama inaboo. Halafu jaza mapengo. Kati ya so na mi kuna fa, basi fa inaingia kwa hesabu ya 2. Kati ya re na ti kuna do. Kati ya do na mi kuna re. Kati ya fa na la kuna so. Hesabu ya 4 rudia tu ile noti ya 3, ama nyamaza uvute pumzi. Hii ndio inatokea:

```
hesabu   1    2    3    4
C        so   fa   mi   mi
G        re   do   ti   ti
Am       do   re   mi   mi
F        fa   so   la   la
```

Ukimaliza F unarudi so, hatua moja chini ya la, na mzunguko unajifunga wenyewe.

Maneno nayo? Hapa Kiswahili kinakubeba, juu mkazo wa neno karibu kila mara uko kwa silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua mstari kama "Ngoja steji, mvua ndogo, chaji sina, bado niko." Kila kipande kiko na mikazo miwili: NGO-ja STE-ji, MVU-a NDO-go, CHA-ji SI-na, BA-do NI-ko. Mkazo wa kwanza unaanguka kwa 1, wa pili kwa 3, na zote ziko kwa noti za nyumbani. Msee anaskia neno vile linasemwa mtaani. Ukilazimisha mkazo uende kwa 2, utaskika kama mtalii anasoma menyu.

Sasa tuharibu makusudi, ndio ujue shida ikija inakuja aje. Imba melodi ileile, lakini chelewa kuingia hesabu moja. So inaanguka kwa 2, fa inaanguka kwa 3, na kodi ya C bado inalia. Fa iko nusu hatua tu juu ya mi, na mi iko ndani ya C, kwa hivyo zinasuguana. Kwa G, do inaangukia 3 na kusuguana na ti hivyohivyo. Ukifuatilia hadi mwisho utapata kila hesabu nzito imepata noti haiko kwa kodi. Noti hujabadilisha hata moja! Umebadilisha tu penye zinakaa.

Na usingoje Auto-Tune ikuokoe. Ikiwekwa kii ya C, inasukuma sauti yako hadi noti iliyo karibu kwa skeli ya C. Fa iko kwa skeli hiyo, so iko, zote ziko. Machine inaona uko sawa kabisa, na inaweza hata kukuchongea hiyo fa mbaya iskike vizuri zaidi. Mahali pa kurekebisha ni kwa melodi, kabla ya kuingia kwa buth.

Ukishuku noti fulani, ipime. Simamisha biti kwa ile kodi, ama shika kodi kwa kibodi ya simu, kisha ishikilie noti yako sekunde nne hivi. Ikikaa imetulia, ni ya nyumbani. Ikikuvuta uende juu ama chini, ni ya njiani. Si zote zinavuta sawa, lakini. La juu ya C ni laini, watu wengi hata wanaipenda. Fa juu ya C ndio noma.

Hiyo melodi yetu bado iko kama mtu anapanda na kushuka ngazi. Dawa ni kuruka, lakini ruka kutoka nyumbani hadi nyumbani. Mwisho wa Am uko kwa mi. Badala ya kuingia F na fa, ruka hadi do ya juu, kisha ti kwa 2, la kwa 3. Do na la ziko kwa F, ti inapita tu. Hapo kwa "bado niko" ngoma inafunguka, na bila kubadilisha kitu ingine yoyote.

Unaweza pia kuvunja sheria ukilipa deni. Weka fa kwa hesabu ya 1 juu ya C, halafu ishuke mi mara moja kwa 2. Ule msuguano unaskika kama kilio, vile waimbaji wa mapenzi wanaupenda. Ukiruka kutoka hiyo fa kwenda mahali pengine, sikio linabaki linadai.

Na ukiskia msanii ameingia nusu hesabu kabla ya kodi kubadilika, usichanganyikiwe. Noti hiyo tayari ni ya kodi inayokuja. Ukitaka kufanya hivyo na G, sukuma re ije mapema kidogo ikiwa C bado inalia, kisha ishikilie mpaka G ifike chini yake.