Maambukizi ya Njia ya Mkojo kwa Wanawake (Eastlands, Nairobi)

Maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo wakazi wengi huyaita UTI, ni ugonjwa wa bakteria wanaoingia kwenye mrija wa mkojo na kupanda hadi kibofu, na wakati mwingine hadi figo. Katika mitaa ya Eastlands, kama Kayole, Dandora, Umoja na Kariobangi, wanawake wengi hutibiwa ugonjwa huu na kemisti wa jirani bila mkojo kupimwa, na hapo ndipo sehemu kubwa ya matatizo yake huanzia.

Kinacholaumiwa kwanza ni choo cha ploti, kile kinachotumiwa na wapangaji wengi. Lawama hiyo ni nusu ya ukweli. Bakteria anayeongoza kwa ugonjwa huu, E. koli, hutoka katika utumbo wa mwanamke mwenyewe. Mrija wake wa mkojo una urefu wa sentimita 4 hivi, ilhali wa mwanamume hufika 20, kwa hiyo safari ya bakteria kutoka sehemu ya haja kubwa ni fupi, na tendo la ndoa huifupisha zaidi. Choo huponza kwa njia nyingine: kikiwa kichafu, au cha kuogopesha usiku, mwanamke hubana mkojo na hupunguza kunywa maji makusudi. Maji yakiwa ya mgao na ya kununua kwa mitungi, hunywa kidogo zaidi, na kibofu hukaa muda mrefu bila kusafishwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuata kwa miezi 12 wanawake waliokuwa wakiugua mara kwa mara na kunywa maji machache. Walioongeza lita 1.5 kwa siku waliugua wastani wa mara 1.7, na wasioongeza mara 3.2.

Ugonjwa ukiwa kwenye kibofu, mkojo huwasha unapotoka, haja huja mara kwa mara na kwa haraka ingawa kinachotoka ni kidogo, na tumbo huuma chini ya kitovu. Mkojo unaweza kuwa na ukungu au damu. Homa kwa kawaida haipo. Ute usio wa kawaida na mwasho ukeni huelekeza kwingine, kwenye fangasi au magonjwa ya zinaa, na dawa ya UTI haitayatibu.

Tuchukue mfano wa mwanamke anayeuza mboga barabarani. Mkojo unamchoma, ananunua vidonge vichache vya siprofloksasini, anavimeza siku mbili, maumivu yanapungua, anaacha. Baada ya siku kumi maumivu yanarudi, naye ananunua vilevile. Ugonjwa ukirudi ndani ya wiki mbili namna hii, mara nyingi ni bakteria walewale ambao hawakumalizwa, au ambao dawa hiyo haiwawezi. Ukirudi baada ya miezi, kwa kawaida ni maambukizi mapya. Madaktari huhesabu kuwa unajirudia ukitokea mara 2 katika miezi 6 au mara 3 katika mwaka. Hapo kununua dawa kwa kubahatisha kukome: mkojo wa katikati, baada ya ule wa mwanzo kuachwa uende, uwekwe kwenye chupa safi na kuoteshwa maabara. Majibu huchukua siku 2 au 3, na hutaja bakteria na dawa inayomuua. Mwenye kisukari, mawe ya figo au aliyekoma hedhi ana sababu zake za kurudiwa, nazo zitafutwe.

Turudi kwa mwuza mboga. Mara ya tatu hapati mchomo mkali. Anatetemeka kwa baridi, ana homa ya zaidi ya nyuzi 38, anatapika, na mgongo unauma upande mmoja chini ya mbavu. Wengi huiita malaria au taifodi, ingawa Nairobi si eneo lenye maambukizi mengi ya malaria. Homa pamoja na maumivu ya ubavuni ndiyo picha ya figo iliyoambukizwa, hata kama mkojo hauwashi. Ni kosa kubwa kumpa nitrofurantoini hapa. Kwa kibofu ni dawa nzuri, kwa kawaida ya siku 5, kwa sababu hukusanyika kwenye mkojo, lakini haifikii kiwango cha kutosha ndani ya nyama ya figo.

Mjamzito asisubiri kufika huku. Bakteria wanaweza kukaa kwenye mkojo wake bila dalili yoyote na kupanda figoni, ndiyo maana mkojo hupimwa kliniki. Mwanamke yeyote mwenye homa na maumivu ya ubavuni aende hospitali siku hiyohiyo. Anayetapika kila anachomeza anahitaji dawa ya mshipa, si vidonge vingine kutoka dukani.