Mali kauli: Mzigo ukiwa dukani kwa mwenzako, mali ni ya nani?

Mama anayesuka vikapu vya ukili katika Kata ya Dunda, mjini Bagamoyo, anampelekea mwenye duka vikapu 20. Anaambiwa, "Acha hapa mama, vikiuzwa nitakulipa." Halipwi chochote siku hiyo. Je, ameshauza?

Bado. Vikapu vimehama nyumba, havijahama mwenyewe. Mwenye duka ni wakala anayeviuza kwa niaba ya mama, na mauzo yanatokea siku mteja anapokinunua kikapu.

Utata unatokana na neno lenyewe. Mtaani, "mali kauli" hutumika kwa mapatano mawili tofauti. La kwanza ni kukopesha: mwenye duka amenunua, atalipa tarehe fulani hata kama hajauza. Hapo mali imekuwa yake tangu siku ya kwanza, nawe unamdai. La pili ni kuachia mzigo: visipouzwa vinarudi kwako.

Jinsi ya kuyatofautisha

Uliza maswali mawili. Visipouzwa, ana haki ya kuvirudisha, au wewe una haki ya kuvichukua? Na je, analazimika kukulipa hata kabla ya kuuza? Kama jibu la kwanza ni ndiyo na la pili ni hapana, mali bado ni yako. Wahasibu nao wakifuata kiwango cha kimataifa cha IFRS 15, kilichoanza kutumika Januari 2018, hutazama mambo hayo hayo.

Muda nao una uzito. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inasema kuhusu bidhaa zilizotolewa kwa sharti la "nunua au rudisha" kwamba aliyepokea akikaa nazo kupita muda mliokubaliana bila kusema anazikataa, huhesabiwa kuwa amezinunua. Kwa hiyo tajeni tarehe ya kurudisha.

Hesabu ya vikapu 20

Tuseme kila kikapu kinauzwa Sh 15,000, na mwenye duka anabaki na kamisheni ya Sh 3,000. Vikapu vimepelekwa Machi 3. Kufikia Machi 31 vimeuzwa 8, na mama amelipwa Aprili 5. Ukili na rangi vilimgharimu Sh 5,000 kwa kila kikapu.

Machi 3 mama haandiki mauzo yoyote. Anaandika tu kwamba vikapu vyake 20 viko dukani. Mwisho wa Machi anaandika mauzo ya Sh 120,000. Anatoa kamisheni ya Sh 24,000 na gharama ya vikapu 8, yaani Sh 40,000. Faida yake ni Sh 56,000. Vikapu 12 vilivyobaki ni mali yake bado, vyenye gharama ya Sh 60,000.

Ingawa fedha zilimfikia Aprili, mauzo ni ya Machi, kwa sababu vikapu viliuzwa Machi. Katikati hapo alikuwa anadai Sh 96,000.

Kwa mwenye duka, fedha zilizoingia ni Sh 120,000, lakini mapato yake ni Sh 24,000 tu. Sh 96,000 ni za mama. Hapa ndipo wengi huanguka: fedha zote zinaingia droo moja, zinanunua sukari na unga wa duka, na siku ya mahesabu hakuna cha kulipa. Dawa ni kutenga fedha za mwenye mali kila kikapu kinapouzwa.

Matatizo yanapotokea

Duka likiungua, hasara ya vikapu kwa kawaida ni ya mama, isipokuwa mwenye duka alizembea au mlikubaliana vinginevyo. Mwenye duka akidaiwa na wadai wakaja kukamata bidhaa, mama anaweza kudai vikapu vyake, lakini lazima athibitishe ni vyake. Bila maandishi wala alama kwenye vikapu, ataonekana mdai kama wadai wengine.

Kama hamna karatasi, ujumbe wa simu unasaidia. Baada ya kuhesabu pamoja, mwenye duka amtumie mama ujumbe kama huu:

"Leo Machi 3 nimepokea vikapu 20 vya kukuuzia, sijavinunua. Bei Sh 15,000, kamisheni yangu Sh 3,000 kwa kimoja. Mahesabu kila mwisho wa mwezi. Visivyouzwa nitarudisha Mei 31."

Mama asiufute. Na kila mwisho wa mwezi aende ahesabu vilivyobaki. Vilivyobaki na vilivyolipiwa visipotimia 20, aulize siku hiyo hiyo, kabla kumbukumbu hazijapotea.