Ada si ujira wa siku

Mshauri wa umeme akiandika "ujira" kwenye ankara, mteja huhesabu siku alizofika kiwandani. "Ada" ni neno pana zaidi, nami namshauri alitumie, kwani linaweza kubeba thamani ya kilichookolewa. Tuseme kapasita alizopendekeza zitapunguza bili kwa shilingi milioni 60 kwa mwaka. Kwa siku sita angelipwa milioni 3. Akidai ada ya milioni 9, mteja bado anabaki na milioni 51 mwaka wa kwanza, kabla ya gharama ya vifaa. Ila ada hiyo ikubaliwe kabla ya kazi, bili za miezi 12 iliyopita zikiwa mezani. La sivyo, uzalishaji ukipungua bili itashuka yenyewe, na ubishi wa nani ameokoa nini hautaisha.