Kuondoa zuio la ardhi bila kuacha doa kwenye daftari

Ugomvi wa shamba la familia mara nyingi huishia kwa msajili wa ardhi. Mmoja wa ndugu huweka zuio, ambalo wengi hulijua kwa jina la kaveti, ili shamba lisiuzwe nyuma ya mgongo wake. Baadaye wazee hukaa kitako, watu wakapatana, na kila mtu akaamini mambo yamekwisha. Lakini mapatano ya barazani hayafuti kilichoandikwa kwenye daftari. Mnunuzi akija kufanya sachi miaka mitatu baadaye, zuio bado lipo.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inaeleza mambo haya katika kifungu cha 71 hadi cha 75. Zuio huondoka kwa njia tatu: aliyeliweka aliondoe mwenyewe, mahakama iamuru liondolewe, au msajili alitoe baada ya kumpa notisi aliyeliweka naye asipinge katika muda uliotajwa. Chifu, mzee wa mtaa au dalali hana uwezo huo. Kuna madalali wanaoahidi "kuitoa karatasi kwenye faili". Hapo ndipo rekodi inapochafuka, kwa sababu maandishi ya daftarini hubaki huku waraka uliolingana nayo haupo.

Chukua mfano wa kaka na dada walionunua ekari mbili Kilifi kwa fedha za pamoja, hati ikatoka kwa jina la kaka peke yake. Aliposikia kaka anatafuta mnunuzi, dada aliweka zuio. Sasa wamepatana: shamba ligawanywe, dada apewe nusu ekari kwa hati yake mwenyewe.

Kosa la kwanza ambalo dada anaweza kulifanya ni kuondoa zuio siku ile ile ya mapatano. Kaka akigeuka, huenda dada asiweze kuliweka tena, kwa kuwa kifungu cha 74 kinampa msajili ruhusa ya kukataa zuio la pili la mtu yule yule kwa jambo lile lile. Njia salama ipo katika kifungu cha 72: zuio likiwepo, shughuli inayopingana nalo inaweza kusajiliwa ikiwa aliyeliweka ameridhia. Basi dada atoe ridhaa ya maandishi kwa ugawaji na kwa uhamisho wa nusu ekari yake tu. Hati yake ikishatoka, ndipo aondoe zuio lililobaki kwenye sehemu ya kaka. Ahakikishe nambari anayoiandika ni ile mpya iliyotolewa baada ya ugawaji, kwa maana nambari ya zamani hufungwa.

Ombi la kuondoa zuio huandikwa kwa msajili wa ofisi ile ile ya ardhi. Litaje nambari ya kiwanja, tarehe zuio liliposajiliwa, na jina kama lilivyo kwenye kitambulisho. Ikiwa dada aliliweka kwa jina la ubini na sasa kitambulisho kina jina la mume, aambatanishe kiapo kinachoeleza kuwa majina yote mawili ni yake. Atie sahihi mbele ya wakili, alipe ada, na abaki na risiti pamoja na nakala iliyogongwa muhuri.

Maneno ya ombi nayo yana uzito. Inatosha kuandika kwamba anaondoa zuio kwa hiari baada ya pande mbili kupatana. Asikubali kutia sahihi barua inayosema zuio lilikuwa la uongo au halikuwa na msingi, hata akiambiwa ni kawaida tu. Kifungu cha 75 kinamruhusu aliyepata hasara kumshtaki na kumdai fidia mtu aliyeweka zuio bila sababu ya haki, na barua ya namna hiyo ingekuwa ushahidi dhidi yake. Kuondoa zuio si kukiri kosa. Kwa hiyo mkataba wa mapatano utamke pia kwamba hakuna upande utakaodai fidia kwa ajili ya zuio hilo.

Hatua ya mwisho ni kufanya sachi upya. Cheti cha sachi kisionyeshe zuio hilo tena. Kwenye daftari lenyewe, maandishi ya zamani hayapotei: huonekana kuwa yamefutwa, na kuondolewa kwake kukaandikwa. Hilo si doa. Atakayeuliza baadaye ataona zuio liliingia kihalali na likatoka kihalali.

Sachi ikionyesha bado kuna kizuizi, soma vizuri ni cha aina gani. Huenda ni amri ya mahakama, au katazo alilowekewa shamba na msajili mwenyewe. Hivyo havimhusu dada, na barua yake haiwezi kuviondoa.