Picha ya Fomu Imekataa Kuingia? Punguza Pikseli Kwanza
Fomu inataka picha isiyozidi 50 KB, yako ni 3 MB. Wasee wengi hushusha Quality hadi 10, na sura inageuka viboksi. Sababu ni kwamba JPEG hugawa picha kwa vimraba vya pikseli 8 kwa 8. Ukiibana sana, kila kimraba kinabaki karibu rangi moja.

Chukua orijino, kata ibaki kichwa na mabega, alafu Resize hadi pikseli 413 kwa 531. Sasa seivu kwa Quality 80. Mara nyingi itatoshea. Ikizidi bado, rudi kwa orijino ujaribu 70, juu kuseivu ile imeshabanwa huizidishia viboksi. Na simama mbele ya ukuta usio na maua: hayo maua hula KB za uso wako.