Nani katoka kambini mwisho?

Mwaka 1332, Bunge la Uingereza lilipokuwa likikutana Westminster, Mfalme Edward wa Tatu alipiga marufuku watoto na watu wengine kucheza bare ndani ya kasri wakati wa kikao. Tangazo hilohilo liliwakataza pia kuwanyang'anya wapita njia kofia zao. Kwa anayefuatilia historia ya michezo, katazo kama hili ni hazina. Mfalme hajisumbui kukataza jambo ambalo hakuna anayelifanya, kwa hiyo tunajua kwamba karibu miaka 700 iliyopita kulikuwa na kundi la watu waliokimbizana kwa kelele za kutosha kuwakera wabunge.

Bare ni mchezo wa kufukuzana wa timu mbili. Wafaransa wameuhifadhi kwa jina hilo hadi leo, na Waingereza baadaye waliupa jina la kambi ya mateka. Umechezwa na wanafunzi, na wanavijiji siku za sikukuu, hata na Napoleon na wageni wake kwenye bustani ya Malmaison alipokuwa mtawala wa Ufaransa. Ukiutazama kwa mbali ni vurugu tupu, watu wanakimbia huku na huko. Ndani yake kuna kanuni moja ambayo sijaona mfano wake katika mchezo mwingine wa uwanjani, na historia yote ya bare ni historia ya watu kutafuta namna ya kuitekeleza kanuni hiyo bila kupigana.

Uwanja una kambi mbili zinazotazamana. Aliye ndani ya kambi yake hagusiki. Akishatoka anaweza kukamatwa, ila si na yeyote tu: anayeweza kumkamata ni mpinzani aliyetoka kambini baada yake. Yeye naye anaweza kumkamata mpinzani yeyote aliyetoka kabla yake. Na kila anayerudi kambini kisha akatoka tena huhesabiwa kuwa ametoka upya, kwa hiyo anapata mamlaka juu ya wapinzani wote waliomtangulia uwanjani.

Tuwachukue wachezaji wanne tuone inavyokwenda. Asha wa timu ya Mashariki anatoka kwanza na kuisogelea kambi ya Magharibi kwa uchokozi. Baraka wa Magharibi anachomoka kumfukuza. Kwa kuwa Baraka ametoka baadaye, Asha hana la kufanya ila kukimbia. Hapo Chiku wa Mashariki anatoka kumsaidia Asha, na papo hapo Baraka anageuka kutoka mwindaji kuwa windo. Daudi wa Magharibi anatoka kumwokoa Baraka, na sasa ni Chiku anayepaswa kukimbia. Wakati huohuo Asha amefika nyumbani, amekanyaga ndani ya mstari, na anatoka tena akiwa wa mwisho kuliko wote. Daudi aliyekuwa akimkimbiza Chiku kwa kujiamini anasikia hatua nyuma yake.

Yote haya yanaweza kutokea katika muda wa kuvuta pumzi chache. Ndiyo sababu mchezo huu haumpi ushindi mwenye mbio peke yake. Mchezaji mzito wa miguu anayejua kusubiri mstarini, akatoka pale tu mpinzani anapokuwa mbali na kwao, atakamata wengi kuliko mwepesi anayetoka wa kwanza kila mara.

Sasa tatizo. Daudi anamgusa Chiku begani. Chiku anasema, "Nilisharudi, nikakanyaga mstari, nikatoka tena baada yako." Daudi anakataa. Katika michezo mingi ya kufukuzana ugomvi huwa juu ya mguso: umenigusa au hukunigusa. Hapa mguso hauna shaka. Kinachobishaniwa ni nani alitangulia na nani alifuata, jambo lililokwisha kupita na lisiloacha alama yoyote ardhini, tena wakati linatokea kila mtu alikuwa akiangalia kwingine.

Waingereza walilijibu kwa kufunga mikono. Mtafiti Joseph Strutt, katika kitabu chake cha michezo ya watu wa Uingereza kilichotoka mwaka 1801, anaeleza kwamba kila timu ilisimama kama mnyororo, watu wameshikana mikono, na mmoja wao akiigusa kambi wakati wote. Umbali kati ya kambi na kambi ulikuwa yadi 20 hadi 30, yaani kama mita 18 hadi 27. Mtu alitoka kwa kuachia mkono wa mwenzake na kukimbilia uwanjani. Mpinzani mmoja alimfuata mara moja, wa timu ya kwanza akamfuata huyo, na kuendelea hivyo kwa zamu. Kila mmoja alimfukuza yule tu aliyemfuata tangu mwanzo, basi. Aliyemgusa aliipatia timu yake alama moja, na wote wawili walirudi makwao. Walikubaliana kabla ya kuanza ni alama ngapi zitaleta ushindi, na Strutt aliambiwa kuwa ni nadra kuzidi 20.

Ubora wa mpango huu ni kwamba mpangilio wa kutoka unaonekana kwa macho. Mkono ulioachiwa umeachiwa mbele ya shahidi, naye ni yule aliyekuwa ameushika. Zaidi ya hapo, kila mfukuzaji ana windo moja, kwa hiyo hakuna haja ya kukumbuka mfuatano wa watu kumi. Usahihi wa namna hiyo ulihitajika. Strutt anasimulia pambano la karibu mwaka 1770, kwenye mashamba yaliyokuwa nyuma ya jumba la Montague jijini London, ambalo wakati wake lilikuwa limeshakuwa Makumbusho ya Uingereza. Waungwana 12 wa Cheshire walipambana na 12 wa Derbyshire kwa fedha nyingi. Palipo na fedha kama hizo, "nilirudi nikatoka tena" haiwezi kuachwa bila jibu.

Hata hivyo naona kuwa Waingereza walilipa gharama kubwa. Walipomfunga kila mfukuzaji kwa windo moja, waliua ile ladha ya Asha kurudi nyumbani na kutoka upya akiwa tishio kwa kila aliyetangulia. Wafaransa walichagua njia nyingine, na kwangu ndiyo nzuri zaidi.

Kwa Wafaransa, mchezo hauanzi kwa mtu kuchomoka tu. Mchokozi anatembea hadi mbele ya kambi ya wapinzani na kumtaja anayemtaka. Aliyetajwa ananyoosha kiganja, mguu mmoja ukiwa mbele. Mchokozi anakipiga kiganja mara tatu. Pigo la kwanza na la pili hayana madhara, na anaweza kuyachelewesha apendavyo ili kumchosha mwenzake kwa kusubiri. Pigo la tatu likitua, mchokozi anageuka na kukimbia, na aliyepigwa anamfuata. Kuanzia hapo watu wa kambi zote mbili wako huru kutoka.

Mapigo hayo matatu yanafanya kazi ya saa. Kila mtu uwanjani anajua sekunde ambayo hesabu imeanza, na anajua kwa hakika nani yuko nje na nani anamfuata. Kisha kuna kanuni ya pili inayoikamilisha: mtu akikamatwa, mkamataji anapaza sauti, mchezo unasimama, wote wanarudi kambini, na uchokozi unaanza upya. Kwa hiyo kumbukumbu inayohitajika ni ya mbio moja fupi, wala si ya mchezo mzima. Ubishi ukizuka, unahusu watu watatu au wanne waliotoka sasa hivi, na mashahidi wako palepale.

Kuhusu mateka, Waingereza na Wafaransa walifanana kwa kiasi. Strutt anasema kwamba huko Essex waliongeza magereza mawili, nayo yalikuwa vigingi vilivyochomekwa ardhini. Aliyeguswa alikaa huko mpaka mwenzake aje kumgusa. Gereza la mateka wa timu yako lilikuwa karibu zaidi na kambi ya adui kuliko yako, kwa hiyo mwokozi alilazimika kupenya ndani kabisa, na akiguswa kabla hajafika, anakuwa mateka wa pili. Wafaransa waliwaweka mateka hatua chache mbele ya kambi iliyowakamata, mkono umenyooshwa kuelekea kwao. Wakiwa wengi wanashikana mikono na kufanya mnyororo unaoingia uwanjani, na mwenzao akimgusa wa kwanza wote wako huru. Kila mateka anayeongezeka anaufanya mnyororo urefuke na kuwa rahisi kufikiwa. Timu inayokaribia kushinda ndiyo yenye hatari kubwa ya kupoteza vyote kwa mguso mmoja.

Mwishoni mwa karne ya 19 bare ilipata mtetezi asiyetarajiwa. Paschal Grousset alikuwa mwanamapinduzi wa Komuni ya Paris ya mwaka 1871, akahamishiwa kwa nguvu Kaledonia Mpya, na akatoroka huko mwaka 1874. Mwaka 1888 aliunda jumuiya ya kitaifa ya mazoezi ya mwili. Wakati Pierre de Coubertin akiwahimiza Wafaransa kuiga michezo ya shule za Uingereza, Grousset alitaka shule zirudie michezo ya nchi yenyewe, bare ikiwa miongoni mwake. Hoja yake ilikuwa na uzito, kwa sababu bare haihitaji mpira, goli wala viatu. Lakini mpira wa miguu ndio uliochukua viwanja, na bare ikabaki mikononi mwa walimu wa mazoezi na watoto wakati wa mapumziko.

Na watoto hawakukosa sheria zao. Iona na Peter Opie, waliokusanya habari kutoka kwa watoto wapatao 5,000 wa shule 70 za Uingereza na kuzichapisha mwaka 1959, waligundua kwamba karibu kila eneo la nchi lina neno lake la kuomba kusimama. Mtoto aliyefunguka kamba ya kiatu au kubanwa na kichomi analitamka huku amevuka vidole, na hapo haguswi mpaka ajitangaze tena. Ni kambi ya muda, inayobebwa vidoleni. Haina mlinzi wala mwalimu, na bado inaheshimiwa, kwa sababu anayeivunja leo ataihitaji kesho.

Mwalimu anayetaka kuujaribu kwenye uwanja wa shule achore mistari miwili yenye umbali wa mita 25, timu ziwe na watu wanane hadi kumi na wawili, na aanze kwa mapigo matatu. Jambo ambalo mimi ningeliongeza ni mtoto mmoja asiyecheza kwenye kila mstari, anayetazama miguu tu na kutamka kwa sauti jina la kila anayetoka. Ubishi wa Daudi na Chiku unaletwa kwa mtoto wa mstari wa Chiku, kwa kuwa ndiye aliyeona kama alirudi. Akisema alirudi, Chiku ni huru. Akisema hakurudi, ni mateka. Akisema hakuona, ukamataji unafutwa, wote wanarudi kambini, na timu ya Daudi iliyodai mateka inapewa nafasi ya kuchokoza, kwa sababu imepoteza windo ambalo huenda lilikuwa lake kwa haki. Mtoto wa mstari akishindwa kuona mara mbili mfululizo, abadilishwe na mchezaji, kisha yeye aingie kukimbia.