Kugeuza noti za darasani ziwe za mtindo wa Cornell

Vijana wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe hurudi kutoka chuoni na noti zilizojaa ukurasa kutoka ukingo hadi ukingo. Wakizisoma mara ya tatu, macho yanazitambua na mtu hudhani amezijua. Lakini mtihani hauulizi kama unazitambua. Unakutaka uzitoe kichwani. Ndilo pengo alilolenga kuliziba Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alipobuni mtindo huu miaka ya 1950.

Chukua karatasi mpya ya A4. Piga mstari wa kulala sentimita 5 kutoka chini: hapo ni sanduku la muhtasari. Juu yake piga mstari wa kusimama sentimita 6 kutoka kushoto. Safu nyembamba ni ya maswali, pana ni ya noti. Nashauri uifanye kazi hii siku ileile ya somo, mambo yakiwa bado mabichi.

Tuseme daftari linasema hivi: "Reli ya Uganda. Ilianza Mombasa 1896. Waingereza walitaka kufika Uganda, chanzo cha Naili. Vibarua wengi wa India. Simba Tsavo 1898. Kisumu 1901." Usinakili neno kwa neno. Andika upande wa kulia hoja moja moja, ukiacha mstari mtupu baina yake. Kisha, mkabala na kila hoja, andika swali ambalo hoja hiyo ndiyo jibu lake: "Kwa nini Waingereza waliitaka reli hadi ziwani?" "Vibarua wengi walitoka wapi?" "Kazi ilikwama kwa nini Tsavo mwaka 1898?"

Hapa ndipo wengi hukosea. Wengine huandika "Vibarua" tu. Hicho ni kichwa cha habari, hakikuulizi kitu. Wengine huandika "Je, vibarua walitoka India?" na jibu limo ndani ya swali. Na ukiuliza "Kwa nini waliletwa kutoka India?" ukaona noti zako hazina jibu, usilifute swali. Acha nafasi kulia, ukamuulize mwalimu.

Sasa funika safu ya kulia kwa karatasi, ujibu kwa sauti, kisha ufunue ulinganishe. Swali lililokushinda litie alama na ulirudie kesho. Ukilazimika kufunua ili ujue swali lataka nini, basi swali lenyewe ni bovu, liandike upya.

Muhtasari huja mwisho, noti zikiwa zimefunikwa: "Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walijenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu ili waifikie Uganda, kwa nguvu za vibarua wengi kutoka India." Sentensi mbili zatosha. Ukishindwa kuziandika, bado hujalielewa somo.

Kwa hesabu, mtindo huu hauchukui nafasi ya mazoezi. Iache njia nzima kulia, na kushoto uulize: "Kwa nini hatua hii?"